UZI: Msimu wa chai, saa za ziada zimeganda 50 kwa kila mtu. Wenzangu wananiita msaliti, meneja ananiita mchochezi. Nishike wapi?

Nyololo Njiapanda

Kamwene wakuu. Nina swali la wanaojua mambo ya uwakilishi kazini, naomba msinicheke.

Kiwanda cha chai huku Mufindi, jina naliacha. Wanachama wa chama ni 130 na ushee, wawakilishi tuko 15. Tangu mvua zianze majani yanaingia mengi na zamu ni mbili tu, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, halafu usiku vilevile, siku sita kwa wiki. Kuingia na kutoka tunagonga kidole.

Malalamiko ni kwamba kila slipu ya mshahara imeandikwa OT 50.00. Ya aliyeko kwenye kunyausha, ya draya, ya anayechambua, zote 50.00. Watu wanajua wamefanya zaidi. Afisa utumishi anasema mfumo unafunga ukifika 50 kwa sababu ndiyo sheria, na saa zinazozidi "zitafidiwa kwa mapumziko" msimu ukiisha.

Jumanne meneja alituita sisi wawakilishi, akataka tusaini karatasi kwamba wafanyakazi wamekubali utaratibu huo, na tukawatulize watu. Wenzetu walipotuona tunatoka ofisini na soda mkononi wakasema tumeshanunuliwa. Kuna kundi linataka kuzima mashine Jumatatu. Hatujasaini bado. Tuanzie wapi?

Kipunji

Mkuu hapo hakuna cha kuanzia wapi. Sheria inasema zaidi ya saa 8 ni ovataimu, na mwakilishi hafukuzwi kazi. Zimeni mashine, majani yakishaanza kupata moto kwenye vitanda vya kunyaushia meneja atakuja mwenyewe mbio. Soda mngeimwaga palepale.

MzeeWaTawi

Kipunji, moto wako naupenda, ila utamchoma mwenzio. Siyo 8. Saa za kawaida mwisho ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Akienda mezani na 8, mtu wa utumishi atamsahihisha mbele ya wenzake, na kikao kizima kitageuka kuwa cha kumfundisha yeye sheria.

Na hiyo ya mwakilishi kutofukuzwa siyo kweli. Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya kazi ya chama. Haimkingi aliyezima mashine bila utaratibu. Mgomo halali una njia yake: mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi unapewa siku 30, ukishindikana chama kinapiga kura, ndipo mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Jumatatu hii haipo kwenye njia hiyo. Wakizima, kesi inahama. Ilikuwa ya saa zenu, inakuwa ya majani yaliyooza na nani aliwachochea. Wa kwanza kuitwa ni mwakilishi, hata kama alikuwa amelala nyumbani.

Nyololo, kabla sijasema lolote: hiyo karatasi ina kichwa cha habari gani? Na je, kuna karatasi nyingine mlisaini siku hiyo, hata ya mahudhurio?

Nyololo Njiapanda

Ya mahudhurio tulisaini. Ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ina kichwa "Kikao cha menejimenti na wawakilishi", ya pili ina mistari na namba tu. Mimi niko ya pili.

MzeeWaTawi

Hapo ndipo pa kuanzia, tena leo, kabla ya hesabu yoyote.

Ukurasa wa pili hauna kichwa. Ukibanduliwa ukabandikwa nyuma ya ile karatasi ya "wafanyakazi wamekubali", utasomeka kama saini za makubaliano. Sisemi meneja wenu ana nia hiyo. Muhtasari huandikwa siku tatu baadaye na karani ambaye hakuwepo, anakuta karatasi zimelala pamoja kwenye faili, anazipiga pini. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka.

Andikeni barua fupi kwa meneja, nakala kwa katibu wa chama wa wilaya au mkoa. Mistari minne inatosha: siku ile tulihudhuria kikao, saini zetu ni za mahudhurio, hatukukubaliana lolote kuhusu saa za ziada, tunaomba nakala ya muhtasari. Barua ipelekwe na watu wawili, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akikataa kugonga muhuri, piga picha ya barua ikiwa mezani kwake na uitume kwa katibu saa ileile.

Kuanzia sasa kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe juu kwa mkono: "Mahudhurio tu." Ni maneno mawili, hayamuudhi mtu.

Halafu makubaliano yanayofunga wafanyakazi wote hufungwa kati ya mwajiri na chama. Ninyi 15 mnasaini mkiwa mmetumwa na chama na wanachama wamesikia. Meneja akisema "saini tu, ni utaratibu," jibu lake ni jepesi: tunachukua nakala, tunarudi kwa waliotutuma, tutajibu kwa barua tarehe fulani. Itaje tarehe hapohapo. Ukisema "tutaangalia" bila tarehe, anakuona unakwepa, na wenzako nje wanakuona unaficha.

Mhasibu Mafinga

Naongea kama mtu wa mishahara, upande wa pili wa meza. Msinipige mawe.

Kwanza 50 siyo uongo. Sheria inasema mfanyakazi asifanye zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki nne. Mifumo mingi ya mishahara imewekewa kikomo hicho. Karani akiingiza 84, mfumo unarudisha 50. Kwa hiyo slipu za kiwanda kizima zikiwa na 50.00 kamili, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Binadamu 100 hawawezi kufanya saa sawasawa mwezi mzima. Kungekuwa na 46.5, 51, 38, kwa sababu kuna aliyeugua na kuna aliyekwenda msibani.

Ila kikomo ni cha kumfanyisha kazi, siyo cha kumlipa. Mwajiri aliyevuka 50 ana kosa la kuvuka, na deni la saa hizo liko palepale. Hoja ya "hatuwezi kulipa kwa sababu sheria inakataza" inamfanya anufaike na kosa lake mwenyewe.

Swali langu: kigawanyo chenu ni kipi? Chukua slipu moja, gawanya hela ya ovataimu kwa 50, nipe namba.

Nyololo Njiapanda

Nimeazima slipu ya mwenzangu wa draya, mshahara wa msingi 390,000. Ovataimu 125,000. Kwa hiyo 2,500 kwa saa.

Mhasibu Mafinga

Nilihisi. Wamegawanya kwa 234, yaani siku 26 mara saa 9. 390,000 ukigawanya kwa 234 unapata 1,667 hivi, mara moja na nusu ni 2,500.

Jedwali lililo nyuma ya sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawanywe kwa saa za wiki, ambazo ni 45. 4.333 mara 45 ni 195. Sasa 390,000 kwa 195 ni 2,000 kwa saa, na ya ziada ni 3,000. Mwenzako anapunjwa 500 kwa kila saa, hata kwenye zile 50 walizokubali kulipa.

Kosa hili ni la kawaida sana na mara nyingi halina hila. Mtu anawaza "siku 26 za kazi, saa 9 kwa siku" na anaona imekaa vizuri. Kumbe 26 mara 9 inakupa saa 54 kwa wiki, siyo 45.

Hesabu ya wiki nne ya mwenzako, kwa zamu sita za saa 12, kama wanatoa saa moja ya mapumziko:

Saa 11 mara 6 ni 66. Toa 45, zinabaki 21 za ziada kwa wiki. Mara nne ni 84. Amelipwa 50, zimebaki 34. Kwa 3,000 hiyo ni 102,000. Ongeza 25,000 ya kigawanyo kwenye zile 50. Jumla 127,000, kwa mtu mmoja, wiki nne.

Wiki za zamu ya usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa saa zinazoangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Siyo hela nyingi, lakini iwe na mstari wake kwenye slipu. Angalia kama upo.

Da Tukuyu

Samahani kuingilia. Mimi niko hoteli ndogo hapa Mbeya mjini, tuko 14 tu na sote tumejiunga na chama mwezi uliopita. Bosi anasema tuwe na mwakilishi mmoja na atamchagua bosi mwenyewe, ili "awe mtu wa kuelewana." Ni sawa?

MzeeWaTawi

Dada yangu, hapana. Kifungu cha 62 kinahesabu wanachama: 1 hadi 9 mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 watatu, 21 hadi 100 kumi, zaidi ya 100 kumi na watano. Ninyi ni watatu, na mnachaguliwa kwa utaratibu wa chama. Bosi hapigi kura.

Nyololo, mkiwa zaidi ya 100 wawakilishi wasiopungua watano wanatakiwa kuwa wa kuwawakilisha wanawake. Mnao?

Nyololo Njiapanda

Wapo wawili. Wengi wa wanawake wako kwenye kuchambua na kufungasha, uchaguzi ulifanyika zamu ya usiku.

Mama Ifunda

Na hilo meneja akilijua atalitumia, atasema "nyie hamjakamilika." Jazeni nafasi.

Ila niseme la soda, maana naona wanaume mmeliruka. Soda ndiyo iliyoharibu Jumanne yenu. Watu waliona wawakilishi wameingia saa 4, wametoka saa 6 na chupa mkononi, hakuna aliyesema neno hadi jioni. Kimya hicho kinajazwa na mtu mwingine, na anayekijaza hana huruma.

Kabla ya kuingia kikaoni, bandikeni kwenye ubao wa chama mambo mnayokwenda kusema, hata mawili. Mkitoka, wawakilishi wawili waende moja kwa moja kwenye kubadilishana zamu saa 12 jioni, na wengine wawili saa 12 asubuhi, ili zamu zote zisikie maneno yaleyale. Msiache zamu ya usiku ipate habari kwa simu. Semeni mambo matatu: tumeomba nini, wamejibu nini, tunarudi lini. Kama hawajajibu kitu semeni hawajajibu kitu. Na kama kulikuwa na posho ya kikao, itajeni kwa kiasi chake. "Tumepewa soda na 10,000 kila mmoja, tumeandika kwenye daftari la tawi." Kilichosemwa hadharani hakigeuki kuwa hongo mdomoni mwa watu.

Kingine, meneja akiwapa tangazo lake mlisome, kataeni kwa heshima. Tangazo la kampuni lisomwe na msimamizi wa zamu au libandikwe na utumishi. Mwakilishi akisoma "kuanzia Jumatatu ovataimu itafidiwa kwa mapumziko," watu wanasikia kwamba yeye ndiye aliyeamua. Hata sauti mtu anaweza kukuazima, mwanangu.

Igawilo

Kwa nini msipeleke hili Baraza la Wafanyakazi? Sisi halmashauri likifika jambo kama hili mkurugenzi mwenyewe ndiye mwenyekiti, linajadiliwa na kuisha. Mnahangaika na vyama vya nini?

MzeeWaTawi

Igawilo, hiyo ni ya utumishi wa umma, na baraza ni chombo cha kushauriana, bajeti na ufanisi. Kiwanda binafsi hakina lazima ya kuwa nalo isipokuwa kwa makubaliano. Deni la saa za ziada halidaiwi barazani.

Kipunji

Sawa nimekubali ya 8 na 9. Lakini bado nasema mnampa Nyololo makaratasi wakati watu wanalala kwenye magunia saa 9 usiku. Na mbona hamjagusa hiyo saa ya mapumziko? Nani anakula saa nzima kiwandani msimu huu? Draya haina mapumziko.

MzeeWaTawi

Hapo Kipunji umepiga penyewe. Nilikuwa nakuja huko.

Kifungu cha 23: mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipa, isipokuwa kama mfanyakazi alitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi muda huo. Sasa mtu wa draya anakula ugali amesimama, jicho liko kwenye kipimo cha joto, kwa sababu joto likipanda chai inaungua na likishuka inatoka na unyevu. Huyo hajapumzika. Saa ile ni ya kulipwa.

Kwa huyo hesabu ya Mhasibu inabadilika. Saa 72 toa 45 ni 27 kwa wiki, 108 kwa wiki nne. Zimeongezeka 24, yaani 72,000 nyingine.

Lakini msiyachanganye madai haya mawili kwenye karatasi moja. Zile 34 ziko kwenye kumbukumbu za kidole, kampuni yenyewe ndiyo shahidi. Hizi 24 hazipo popote, kidole hakigongwi wakati wa kula. Mkizibeba pamoja, menejimenti itashambulia zile dhaifu siku nzima na zile imara hazitafikiwa. Saa za mapumziko zinahitaji daftari: jina, nafasi, tarehe, saa aliyoanza kula, saa aliyorudi, nani alimshikia mashine. Kama hakuna aliyemshikia, andika "hakuna." Wiki mbili za daftari kama hilo, likijazwa zamu kwa zamu na siyo lote kwa kalamu moja jioni ya mwisho, linaaminika. La kalamu moja, mwandiko mmoja, hata mimi ningelitilia shaka.

Na si kila mtu anadai. Wa kufungasha wanasimamisha mkanda na kwenda kula saa nzima, hao hawana dai la mapumziko. Mkiwaingiza ili orodha iwe ndefu mtaiharibu.

Mhasibu Mafinga

Naongeza jambo ambalo wawakilishi hulisahau: kumbukumbu za kidole ombeni kwa barua, kwa majina na tarehe. Sheria inamtaka mwajiri ampe mwakilishi taarifa zinazohusu kazi yake. Ila mtu wa mishahara hatakupa slipu za watu 130 kwa mdomo, na ana haki, kwa sababu mshahara wa mtu ni siri yake. Chukueni ridhaa ya maandishi ya watu 10 kutoka sehemu tofauti, muombe za hao tu. Kumi zinatosha kuonyesha kosa la mfumo. Kosa la 234 likithibitika kwa mmoja limethibitika kwa wote.

Nyololo Njiapanda

Wakuu nashukuru sana. Lakini kuna kitu kinanisumbua kuliko vyote, sikukiandika mwanzo.

Nikisema 50 ndiyo mwisho wa sheria, nusu ya wenzangu hawataki. Wanataka walipwe hizo 84 na waendelee hivyohivyo, maana msimu ndio wa kupata ada za watoto na mbolea. Nikidai sheria ifuatwe, nimewakata kipato. Nikinyamaza kuhusu 50, nimekubali watu wafanye saa 66. Meneja analijua hilo, alisema wazi: "Mkitaka sheria, naleta zamu tatu, ovataimu inakufa."

MzeeWaTawi

Hiyo kauli ya meneja ndiyo kikao chenyewe, na kwa haki kabisa siyo kitisho cha bure. Zamu tatu za saa 8, ukitoa saa ya mapumziko, ni saa 42 kwa wiki. Ovataimu hakuna. Mtu wa 390,000 anarudi kwenye 390,000.

Lakini kati ya zamu sita za saa 12 na zamu tatu za saa 8 kuna nafasi pana, na hapo ndipo mwakilishi anapojulikana kama ameandaa au amekwenda kulia. Meneja naye ana lake: jani likishachumwa halisubiri, la leo linyaushwe usiku na lisagwe kesho. Ukienda bila jibu la majani, umekwenda na nusu ya hoja.

Pigeni hesabu hii. Kila mtu afanye zamu tano badala ya sita. Saa 11 mara 5 ni 55, ya ziada 10 kwa wiki, 40 kwa wiki nne. Iko ndani ya 50. Kwa kigawanyo sahihi ni 120,000. Linganisha na 125,000 anayopata sasa: anapoteza 5,000, anapata siku nzima ya ziada ya kulala.

Kiwanda kinahitaji nini? Nafasi moja ya mashine ina zamu 12 kwa wiki, mchana sita na usiku sita. Watu wawili wa zamu sita wanazimaliza. Wakiwa wa zamu tano, kila nafasi tano zina zamu 60, zinahitaji watu 12 badala ya 10. Kwa hiyo kila nafasi tano ongeza watu wawili wa msimu. Meneja anaweza kuihesabu hiyo kwa vidole.

Kwa draya inabaki shida ya mapumziko, kwa sababu bila mtu wa kupokea, zamu tano ni saa 60, ziada inakuwa 60 kwa wiki nne na imevuka tena. Wekeni mpokezi mmoja usiku. Anashika mashine ya kwanza saa 3, ya pili saa 4, ya tatu saa 5, kila mtu amepumzika kabla saa tano hazijapita. Mpokezi awe amefundishwa draya kweli, siyo mfagiaji aliyeitwa "shika hapo." Mpango wa mpokezi hufia hapo: chai inaungua mara moja, msimamizi anasema rudisheni mwenyewe, na mwisho wa wiki kila mtu anakula amesimama tena.

Kipunji

Na hizo 34 za nyuma? Tusisahau kwa sababu ya hesabu nzuri za mbele.

MzeeWaTawi

Hazisahauliki. Ziwe barua ya kwanza, peke yake, na mpango wa zamu uwe barua ya pili. Mkiviweka pamoja vitabadilishanwa: "nitawapa mpango mpya, yale ya nyuma tusamehane." Labda wanachama watakubali kusamehe, ni haki yao. Lakini waamue wao kwenye mkutano, siyo ninyi 15 mezani.

Mhasibu Mafinga

Mzee, kwa hilo tunatofautiana kidogo. Mwajiri mwenye hofu ya deni la nyuma la watu 130 hatasogea kwenye mpango wa mbele. Ningeanza na kigawanyo, kwa sababu ni kosa la hesabu lisilo na aibu, arekebishe mwezi huu. Halafu ningefungua mazungumzo ya 34 kwa kulipwa kidogokidogo, tuseme miezi mitatu. Kampuni ya chai ina hela msimu, kiangazi haina.

Na wawe tayari kwa neno "dharura." Sheria inalegeza saa kwa kazi ya dharura, na atasema majani mengi ni dharura. Mimi naona msimu unaokuja kila mwaka na mvua zake si dharura. Mashine ikivunjika saa 8 usiku, hiyo ndiyo dharura. Ila mpaka wake uko wapi, watu hubishana.

MzeeWaTawi

Kuanza na kigawanyo sina ubishi, mradi saa zisiwakimbie. Mgogoro usio wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kuachishwa ni siku 30. "Tunalifanyia kazi" mara mbili, kikao kuahirishwa mara moja, meneja kwenda Dar, na siku 60 zimeyeyuka. Baada ya hapo ni kuomba kuongezewa muda, na lazima ueleze kila siku ya kuchelewa. Hesabuni kuanzia slipu ya kwanza yenye 50.00. Siku ya 40 ikifika bila jibu la maandishi, katibu wa chama ajaze fomu ya Tume. Kuipeleka Tume hakufungi mazungumzo, mnaweza kuendelea kuongea huku shauri liko kule.

Na hilo la Jumatatu?

Mama Ifunda

Jumatatu inazimwa na taarifa, siyo na mahubiri. Mkutano wa wanachama Jumamosi saa 12 jioni na Jumapili asubuhi ukirudiwa kwa wale waliokuwa kazini. Mwonyesheni kila mtu hesabu ya mtu mmoja, 390,000, kwenye karatasi ya manila, kwa maandishi makubwa. Mtu akiona 500 inayopotea kila saa, na akaona tarehe ya siku ya 40 imeandikwa, anakuwa na kitu cha kusubiri. Msiwaambie "tulieni." Hilo neno mwachieni meneja.

Wale wanaotaka 84 waacheni waseme mkutanoni, waandikwe kwenye muhtasari. Wakishindwa kwa kura wameshindwa na wenzao, hawakushindwa na wewe. Wakishinda, hapo sasa Mzee atuambie, maana chama hakiwezi kusaini kitu kinachovuka sheria.

MzeeWaTawi

Hakiwezi. Wakishinda, mnaenda mezani na mpango wa zamu tano na mnasema kweli kwamba sehemu ya wanachama hawaupendi. Utatukanwa, Nyololo. Sina dawa ya hapo.

Da Tukuyu

Kwa hiyo sisi 14 ni watatu. Na bosi akisema watatu ni wengi hoteli itasimama?

MzeeWaTawi

Hawaendi kikaoni wote kwa pamoja, dada. Pangeni zamu.

Nyololo Njiapanda

Barua ya mahudhurio tumeipeleka leo saa 9 mchana, watu wawili. Karani amegonga muhuri bila kuisoma. Mstari wa asilimia 5 ya usiku nimeutafuta kwenye slipu tatu, haupo. Mhasibu, hiyo nayo iende kwenye barua ya kigawanyo au isubiri?

Mhasibu Mafinga

Iende na kigawanyo. Zote mbili ni za mfumo, mtu mmoja anazirekebisha kwenye kompyuta moja. Ila kumbuka saa ya ziada ya usiku, ile 5 inahesabiwa juu ya 3,000, siyo 2,000. Inakuwa 3,150.